Kutafsiri Udhuru wa Harusi: Mipaka ya Mfasiri katika Ujumbe wa Kifamilia kutoka Kiingereza hadi Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ujumbe mfupi wa Kiingereza unaokataa mwaliko wa harusi unavyoweza kutafsiriwa kwa Kiswahili bila kuudhuru undugu. Data yake ni matini moja iliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi: ujumbe wa mwanafunzi wa uuguzi aliyekulia Uingereza, anayemwandikia kaka mkubwa wa baba yake aishiye Tanga. Uchambuzi unaonesha kuwa tatizo kuu la matini ya namna hii haliko kwenye msamiati wa kukataa. Liko kwenye nafasi ambayo kila lugha inampa mwandishi: Kiingereza kinamfanya mgeni mwalikwa, ilhali Kiswahili kinamhesabu miongoni mwa wenye shughuli. Makala inapendekeza kuwa mfasiri atofautishe nyongeza za adabu, ambazo lugha lengwa inazidai, na nyongeza za ahadi, ambazo zinamfunga mwandishi na hivyo zinahitaji idhini yake.

1.0 Utangulizi

Mwansoko na wenzake (2006) wanaieleza tafsiri kuwa uhawilishaji wa mawazo yaliyo katika maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine. Ufafanuzi huu unatosheleza kwa matini nyingi za kitaaluma na za kiofisi. Hata hivyo, ziko matini ambazo wazo lake ni dogo sana kulinganisha na kazi ambayo matini yenyewe inaifanya. Ujumbe wa kukataa mwaliko wa harusi ni mfano mmojawapo. Wazo lake linaweza kusemwa kwa neno moja, yaani "sitakuwepo". Kazi yake ni kumfanya mzee anayeupokea abaki na hakika ya mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwanawe hatakuja, na kwamba bado ni mwanawe.

Mahitaji ya tafsiri za namna hii yanatokana na familia zilizotawanyika. Watoto waliozaliwa au kukulia ughaibuni mara nyingi hukielewa Kiswahili cha mazungumzo mepesi, lakini hushindwa kukiandika kwa kiwango kinachofaa kwa mzee. Hivyo humwomba ndugu au mfasiri awaandikie kwa Kiswahili kile walichokwisha kukiandika kwa Kiingereza. Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, mfasiri huyo anaruhusiwa kuongeza, kupunguza na kubadili kwa kiasi gani kabla ujumbe haujaacha kuwa wa mwandishi?

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi umeongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987), inayoeleza kuwa baadhi ya matendo ya usemi hutishia heshima ya msemaji au ya msikilizaji, na kwamba wasemaji hutumia mikakati ya lugha kupunguza tishio hilo. Kukataa mwaliko ni tendo la aina hiyo. Beebe na wenzake (1990), walipolinganisha Wajapani na Wamarekani, walionesha kuwa kukataa hujengwa kwa vipashio kadhaa, kama vile kueleza furaha, majuto na sababu, na kwamba mpangilio na uzito wa vipashio hivyo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Matokeo hayo yanamhusu mfasiri moja kwa moja: anayehamisha kila sentensi kwa usahihi lakini akabakiza mpangilio wa lugha chanzi, huenda akawa amehamisha upole wa jamii moja ambao jamii nyingine haiutambui.

Mhimili wa pili ni dhana ya uaminifu kwa wahusika iliyofafanuliwa na Christiane Nord (1997). Nord anakubali kuwa tafsiri iongozwe na lengo lake katika jamii lengwa, lakini anamwekea mfasiri sharti: asimsemee mwandishi jambo ambalo mwandishi hakulikusudia, wala asimpotoshe msomaji. Sharti hilo ndilo litakalotumika hapa kupima kila badiliko.

3.0 Matini Chanzi kupitia Tafsiri Sisisi

Ili mpangilio wa matini chanzi uonekane, matini hiyo inawasilishwa hapa kwa njia ya tafsiri sisisi, jinsi ambavyo mfasiri asiye na uzoefu angeweza kuiandika:

(1) Mpendwa Mjomba, asante sana kwa kunialika kwenye harusi ya binamu yangu. Nimefurahi sana kusikia kwamba anaoa. Kwa bahati mbaya, kwa sababu ya majukumu niliyokuwa nayo tangu awali, sitaweza kuhudhuria. Samahani kwa kuikosa siku hii maalumu. Ninawatakia furaha zote na nitatuma zawadi. Natumaini kuwaona nyote hivi karibuni. Kwa upendo, mpwa wako.

Kwa Kiingereza ujumbe huu hauna kasoro. Ni mfupi, una shukrani, una majuto, hauingii katika mambo ya ndani ya mwandishi na unafunga kwa tumaini. Kwa Kiswahili, kila sentensi yake inaeleweka, lakini mzee wa Tanga atakayeusoma atapata shaka kama aliyeuandika anajua anazungumza na nani. Sehemu zinazofuata zinaeleza sababu.

4.0 Uchambuzi na Mjadala

4.1 Istilahi za ukoo na nafasi ya mwandishi

Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba, kaka wa mama na mume wa shangazi. Tafsiri (1) imechukua "mjomba", ambalo kwa Kiswahili ni kaka wa mama. Anayeandikiwa ni kaka mkubwa wa baba, hivyo ni "baba mkubwa". Kosa hili si la msamiati tu, kwa sababu linaangusha istilahi nyingine zote zinazofuata. Kama anayeandikiwa ni baba, bintiye si binamu. Ni dada, au mdogo wangu iwapo mwandishi ndiye mkubwa kwa umri. Mwandishi naye si mpwa, kwani mpwa ni mtoto wa dada. Kwa baba mkubwa yeye ni mwana. Na bwana harusi, ambaye matini chanzi haikumtaja kabisa, tayari ana jina ndani ya ukoo: ni shemeji.

Matini chanzi haimpi mfasiri habari hizi. Hawezi kujua kutokana na maandishi peke yake kama ni baba mkubwa, baba mdogo au mjomba, wala kama maharusi ni mwanamume au mwanamke. Tafsiri (1) ilikisia na kuandika "anaoa", ilhali anayefunga ndoa ni binti, naye huolewa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi hii ni kumwuliza mwandishi maswali matatu: anayeandikiwa ni ndugu wa nani na ni mkubwa au mdogo, anayefunga ndoa ni wa kike au wa kiume, na kati yake na mwandishi nani amezaliwa kwanza.

Istilahi zikishasahihishwa, tatizo la sentensi ya kwanza linajitokeza. "Asante kwa kunialika" ni shukrani ya mgeni. Katika familia za pwani, na katika jamii nyingi za Tanzania, mtoto wa nyumba haalikwi kwenye harusi ya dada yake. Hupewa taarifa, kisha hutarajiwa kushika sehemu ya kazi. Anayeshukuru kwa kualikwa anajiweka nje ya mlango ambao wenzake wanadhani yumo ndani yake. Katika tafsiri, kwa hiyo, kipashio cha shukrani kinageuka kuwa cha kupokea habari na kutoa hongera: "Habari ya dada kuolewa imenifikia, na nimeipokea kwa furaha kubwa. Hongereni sana." Kiambishi cha wingi katika "hongereni" kinawapongeza wazazi na nyumba nzima, jambo ambalo umoja usingelifanya.

4.2 Kitenzi cha kukataa na neno la majuto

Kiini cha ujumbe ni kukataa, na hapa Kiswahili kinampa mfasiri ngazi kadhaa. "Ninakataa mwaliko" halifai, kwa kuwa kukataa hubeba hiari. "Sitahudhuria" lina harufu ya kikao. "Sitakuja" ni wazi, lakini likisimama peke yake linamfanya mwandishi kuwa mtendaji aliyeamua. Kinachohitajika ni muundo unaoonesha kuwa jitihada ilifanyika na kwamba kizuizi kilikuwa na nguvu kuliko mtu. Kitenzi "shindwa", ambacho ni kauli ya kutendwa ya "shinda", kinafanya hivyo: aliyeshindwa ameshindwa na kitu. Umbo "imeshindikana" linakwenda mbali zaidi kwa kumwondoa mtendaji kabisa. Sentensi "Nimeomba nibadilishiwe tarehe, imeshindikana" inaeleza jitihada na matokeo yake bila kumlaumu yeyote.

Hata hivyo, ulaini huu una hatari yake. Mfasiri anayependa kulainisha anaweza kuishia kuandika "Sidhani kama nitaweza" au "Nitajitahidi, inshallah". Mzee akisoma maneno hayo ataelewa kuwa mlango bado uko wazi. Mwanawe atahesabiwa katika idadi ya watu, atanunuliwa kitambaa cha sare, na huenda mtu akaulizia siku atakayofika ili apokewe. Hapo tafsiri itakuwa imempotosha msomaji, na aibu itamrudia mwandishi ambaye kwa Kiingereza alisema wazi. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kuwa matini lengwa iwe na sentensi moja fupi ya kukanusha isiyo na kilainisho chochote ndani yake, yaani "Kwa hiyo sitakuwepo harusini", na vilainisho vyote vikae kabla na baada yake. Maneno "Mungu akipenda" yahifadhiwe kwa sentensi inayohusu ziara ya baadaye, mbali na sentensi inayohusu harusi.

Neno la majuto nalo linahitaji uteuzi. "Samahani" ni jepesi mno; ndilo linalotumika kwa kumkanyaga mtu kwenye daladala. "Nisamehe" ni zito kupita kiasi, kwa kuwa linakiri kosa ambalo halikutendwa. "Niwie radhi" linafaa kwa sababu ya historia ya neno "radhi" katika malezi: ni udhuru unaoombwa na pia ni baraka ambayo mzazi humpa mtoto. Mwandishi anayemwomba baba mkubwa radhi anaomba aachiliwe na wakati huohuo anathibitisha kuwa mzee huyo ana mamlaka ya mzazi juu yake. Matini chanzi haina kisawe cha maana hiyo ya pili, lakini haipingani nayo.

4.3 Sababu

"Majukumu niliyokuwa nayo tangu awali" ni sababu inayotosha kwa Kiingereza, ambako kutotaja undani huchukuliwa kuwa ni adabu. Kwa Kiswahili, maneno hayohayo yanaweza kusomwa kuwa kuna jambo lililopangwa likapewa uzito kuliko harusi ya dada. Kadiri uhusiano unavyokuwa wa karibu, ndivyo sababu ya jumla inavyoudhi. Rafiki wa mbali anaweza kusema ana udhuru na asiulizwe zaidi. Mtoto wa nyumba atatarajiwa kusema ni udhuru gani.

Mfasiri hana ruhusa ya kubuni sababu. Anachoweza kufanya ni kumweleza mwandishi jinsi maneno yake yatakavyopokewa, kisha kumwuliza kama yuko tayari kutaja sababu halisi. Katika mfano wetu, mwandishi anakubali: siku ya harusi ndiyo siku ya mtihani wake wa mwisho wa uuguzi, na ombi lake la kubadilishiwa tarehe limekataliwa. Sababu kama hiyo, ikielezwa kwa sentensi mbili, ina nguvu kuliko aya nzima ya majuto. Iwapo sababu ni ya siri, kwa mfano ugonjwa, ukosefu wa nauli au kibali cha kusafiri ambacho hakijapatikana, mfasiri atumie "nimepatwa na udhuru mzito" na asiongeze neno. Maelezo yaliyosalia yanaweza kupitia kwa baba wa mwandishi, ambaye atazungumza na kaka yake kwa sauti badala ya maandishi.

4.4 Zawadi, mchango na uwakilishi

Sentensi "nitatuma zawadi" ndiyo inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote, kwani inagusa fedha. Zawadi hupewa maharusi, na hata mgeni huitoa. Mchango hupewa wenye shughuli kabla ya siku yenyewe, ili usaidie chakula, mapambo na mengineyo. Ndugu anayetuma zawadi pekee ametimiza wajibu wa mgeni. Aidha, mchango una wakati wake: ukifika baada ya siku ya harusi, haupiki pilau.

Mfasiri anaweza kushawishika kuandika "mchango" kwa sababu ndilo neno ambalo mzee anatarajia kuliona. Akifanya hivyo bila kuuliza, ameahidi fedha za mtu mwingine. Hali ni hiyohiyo kwa uwakilishi. Kwa desturi, aliye mbali hutaja mtu atakayesimama kwa niaba yake, na ujumbe usiotaja mtu huonekana umepungukiwa. Lakini anayetajwa ni lazima awepo na awe amekubali.

Hapa ndipo tofauti iliyotajwa katika ikisiri inapohitajika. Nyongeza za adabu ni kama maamkizi, kuulizia hali, istilahi za ukoo, dua na salamu kwa watu wa nyumbani. Lugha lengwa inazidai, hazimgharimu mwandishi kitu, na kuziacha ni kumfanya aonekane mkaidi wakati hakuwa hivyo. Mfasiri aziweke. Nyongeza za ahadi ni mchango, mwakilishi, tarehe ya ziara na sababu mahususi. Hizo zina deni ndani yake, hivyo ziwekwe kwa idhini pekee. Kwa mujibu wa sharti la Nord, kundi la kwanza linalinda uaminifu kwa msomaji na kundi la pili linahusu uaminifu kwa mwandishi.

Tuchukulie kwamba mwandishi wetu, baada ya kuelezwa tofauti hiyo, anaamua kutuma mchango kabla ya harusi, na kwamba kaka yake anayesafiri kwenda Tanga amekubali kupeleka zawadi ya maharusi na kumwakilisha.

4.5 Hitimisho la ujumbe

"Natumaini kuwaona nyote hivi karibuni" kwa Kiingereza ni fomula ya kufungia. Kwa Kiswahili, "hivi karibuni" husomwa kama taarifa ya safari, na mzee anaweza kuuliza ni lini. Tafsiri inayobeba tumaini bila kuweka tarehe ni "Mungu akitujalia uhai, tutaonana". Nayo "kwa upendo" inapokewa vyema zaidi ikibadilishwa kuwa neno la ukoo, kwa kuwa "mwanao" linasema upendo bila kuutaja.

5.0 Matini Lengwa Inayopendekezwa

(2) Shikamoo Baba Mkubwa. Natumaini wewe, Mama Mkubwa na wote nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Habari ya dada kuolewa imenifikia, na nimeipokea kwa furaha kubwa. Hongereni sana. Mwenyezi Mungu awajalie yeye na shemeji ndoa yenye heri na baraka.

Baba, niwie radhi. Siku ya shughuli imeangukia siku ya mtihani wangu wa mwisho wa uuguzi. Nimeomba nibadilishiwe tarehe, imeshindikana. Kwa hiyo sitakuwepo harusini. Jambo hili limeniuma, kwa kuwa shughuli ni yetu na mahali pangu palikuwa hapo karibu na dada.

Mchango wangu nitautuma kabla ya siku hiyo. Kaka atakuja na zawadi ya maharusi, naye atasimama kwa niaba yangu. Mungu akitujalia uhai, tutaonana.

Nisalimie Mama Mkubwa, dada na wote. Naomba radhi na dua zenu. Mwanao.

Matini (2) ni ndefu kuliko (1), na urefu huo umetokana na maamkizi, dua, sababu na uwakilishi. Inafaa kuangalia mahali ilipo sentensi ya kukanusha: iko katikati, baada ya furaha na sababu, na kabla ya mchango. Katika matini ya Kiingereza sababu na kukataa vimebanwa katika sentensi moja. Hapa vimetenganishwa ili msomaji afike kwenye kukataa akiwa ameshakijua kizuizi.

6.0 Kuhakiki Tafsiri

Kwa kuwa mwandishi hamudu Kiswahili cha maandishi, mfasiri anapaswa kumpa tafsiri rejeshi, yaani ML iliyorudishwa katika Kiingereza sentensi kwa sentensi. Lengo ni mwandishi ajue hasa anachokitia saini, hususani sentensi za mchango na uwakilishi. Akisita kwenye sentensi yoyote, iondolewe.

Upande wa msomaji, ML ipewe mtu mzima mwenye malezi ya pwani ambaye hajaiona MC, kisha aulizwe: Je, huyu atakuja? Je, ana kinyongo? Nani atasimama mahali pake? Jibu la swali la kwanza likiwa "labda", vilainisho vimezidi. Jibu la pili likiwa na shaka, kuna kipashio cha adabu kilichosahaulika, na mara nyingi ni maamkizi au istilahi ya ukoo. Swali la tatu likikosa jibu, mwandishi aulizwe tena.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umejikita katika matini moja, katika mazingira ya familia ya pwani ya Tanzania yenye malezi ya Kiislamu. Maamkizi, dua na matarajio ya mchango yanaweza kuwa tofauti kwa Waswahili wa Mombasa, ambako kaka wa baba huitwa "ami", na kwa familia za bara ambako kamati ya harusi ndiyo inayopokea michango. Tafsiri ya upande wa pili, kutoka udhuru wa Kiswahili kwenda Kiingereza, inahitaji uchunguzi wake, hasa kuhusu kipi kipunguzwe. Pamoja na mipaka hiyo, mgawanyo wa nyongeza za adabu na nyongeza za ahadi unaweza kumsaidia mfasiri wa matini yoyote ya kifamilia kuamua ni lini aandike na ni lini kwanza aulize.